Pesa Imeingia, au ni Picha Tu? Namna ya Kupima Uthibitisho wa Malipo ya Simu Kabla ya Kukabidhi Bidhaa



Katika masoko yetu leo, bidhaa nyingi huuzwa kati ya watu wasioonana. Mnunuzi yuko Jinja, muuzaji yuko Mbale, mzigo unapakiwa katika taksi, na malipo yanapitia MTN Mobile Money au Airtel Money. Mnunuzi hutuma kwa WhatsApp picha ya skrini ya simu yake inayoonyesha kwamba amekwisha kulipa, kisha husisitiza mzigo uondoke mara moja kwa sababu gari linajaa. Muuzaji huitazama picha, huona jina, kiasi na nambari ya muamala, naye hukabidhi mali. Jioni anapoangalia salio, hakuna kilichoingia, na simu ya mnunuzi imezimwa.

Makala haya yanaeleza jinsi picha hizo zinavyotengenezwa, dalili zinazoweza kuzifichua, na kwa nini hata picha isiyo na dosari yoyote haitoshi kuwa sababu ya kuachilia bidhaa.

Picha hizi hutengenezwaje?

Zipo njia tatu, na ni vyema kuzitofautisha, kwa maana dalili zake hazifanani.

Njia ya kwanza ni kuichezea picha halisi. Mdanganyifu hutuma fedha kidogo, tuseme shilingi 3,800, hupiga picha ya ujumbe alioupokea, kisha kwa programu ya kawaida ya kuhariri picha hufunika tarakimu na kuandika 380,000 juu yake. Pengine huchukua picha ya malipo ya zamani na kubadilisha tarehe na jina la mpokeaji.

Njia ya pili haigusi picha hata kidogo. Mdanganyifu huandika maneno yote ya ujumbe wa uthibitisho katika simu nyingine, huyatuma kwenye simu yake kama ujumbe wa kawaida, na nambari ile ameihifadhi kwa jina la kampuni ya pesa za simu. Kisha hupiga picha ya skrini. Hapa picha ni halisi kabisa, bali ujumbe uliopigwa picha ndio wa uongo. Ukitafuta alama za kuhaririwa hutaziona, kwa kuwa hazimo.

Njia ya tatu ni kutumia muamala wa kweli usiokuhusu wewe. Fedha zimetumwa kweli, lakini zimekwenda kwenye laini nyingine ya mdanganyifu mwenyewe au ya mwenzake. Naye hukutumia picha iliyokatwa pembeni ili nambari ya mpokeaji isionekane vizuri, akitumaini kwamba macho yako yataishia kwenye kiasi.

Mfano wa kupima

Tuchukue mfano tulioutunga kwa ajili ya kufundishia. Mama mmoja anauza vitunguu kwa jumla mjini Mbale. Sokoni wote humwita Mama Vitunguu, lakini laini yake ya simu imesajiliwa kwa majina yake kamili kama yalivyo katika kitambulisho chake cha taifa. Siku ya Ijumaa jioni, mtu anayedai kuwa mwenye hoteli Jinja anaagiza magunia manne, kila moja shilingi 95,000, jumla 380,000. Anatuma dereva wa taksi kuchukua mzigo, na wakati dereva anasubiri, inaingia picha ya skrini. Inaonyesha kwamba shilingi 380,000 zimetumwa kwa "Mama Vitunguu" saa 16:52, ada 1,500, salio lililobaki 11,300. Juu yake, katika picha hiyohiyo, unaonekana ujumbe uliotangulia, unaosema kwamba salio la mnunuzi lilikuwa 391,300.

Mama huyu akitulia kwa dakika mbili, anaweza kuiuliza picha ile maswali matatu.

La kwanza ni jina. Mtu anapotuma pesa, mfumo humwonyesha jina la mpokeaji kabla hajaingiza nambari yake ya siri, na jina hilo ndilo lililosajiliwa pamoja na laini. Mfumo hauna habari ya jina la sokoni. Mnunuzi asiyewahi kutuma chochote hulijua lile tu alilosikia kwa watu au aliloliona kwenye kibao cha duka, ndilo analoandika. Kwa hiyo ujumbe unaotaja "Mama Vitunguu" hautoki katika mfumo wa kampuni. Hii ni dalili yenye nguvu kubwa, tena haihitaji jicho la fundi. Ndiyo sababu tunawashauri wauzaji wasitangaze jina lao la usajili kwa kila anayeuliza bei. Mnunuzi wa kweli ataliona mwenyewe atakapotuma, nawe waweza kumwuliza, "Mfumo umekuonyesha jina gani?"

La pili ni hesabu. Salio la mwanzo lilikuwa 391,300. Toa 380,000, inabaki 11,300. Lakini picha yenyewe inasema kuna ada ya 1,500, hivyo salio lilipaswa kuwa 9,800. Mghushi alitoa kiasi alichodai kutuma, akaisahau ada. Kosa hili hutokea kwa urahisi, kwa kuwa anayehariri hushughulika na tarakimu moja na kusahau kwamba tarakimu nyingine zinaitegemea. Hata hivyo, tuwe waangalifu. Kati ya ujumbe mmoja na mwingine mtu anaweza kununua muda wa maongezi au kukatwa deni, salio likabadilika kwa haki. Hesabu isiyolingana inatupa sababu ya kuuliza, wala haitoshi kumhukumu mtu.

La tatu ni saa. Juu kabisa ya picha ya skrini huonekana saa ya simu wakati picha ilipopigwa. Ikiwa saa hiyo inasoma 16:31 ilhali muamala unadaiwa kufanyika 16:52, basi picha ilipigwa dakika ishirini na moja kabla ya tukio inalolionyesha, jambo lisilowezekana. Ikiwa sehemu ya juu imekatwa, mwombe mnunuzi atume picha nzima bila kukata. Aliyelipa kweli anao ujumbe bado, na kupiga picha nyingine ni kazi ya nusu dakika.

Dalili za macho

Baada ya maswali hayo, ikuze picha kwa vidole viwili na uyatazame maandishi kwa karibu. WhatsApp hupunguza ubora wa picha, hivyo ukungu kidogo si ajabu. Lakini ukungu wa namna hiyo huenea sawasawa katika picha yote. Ukiona tarakimu za kiasi zimekolea na kung'aa kuliko maneno ya jirani, au mandhari nyuma yake ina kiraka cha rangi iliyotofautiana kidogo, hapo pameguswa. Tazama pia kama tarakimu zimekaa kwenye mstari mmoja na maneno, kama unene wa herufi ni uleule, na kama alama za mkato kati ya maelfu zimewekwa kwa namna ileile mahali pote. Kampuni huandika ujumbe wake kwa mashine, na mashine haiandiki 380,000 mahali pamoja na 380000 mahali pengine ndani ya sentensi hiyohiyo.

Kwa njia ya pili tuliyoitaja, yaani ujumbe uliotungwa, tazama ukurasa wenyewe wa ujumbe. Ujumbe wa kampuni hutumwa kwa jina la huduma, na kwa kawaida simu hairuhusu kujibu ujumbe wa aina hiyo. Ukiona chini ya picha kisanduku cha kuandikia jibu kikiwa wazi kama kilivyo kwa rafiki yeyote, au alama ya kupiga simu juu ya ukurasa, yamkini aliyetuma ni mtu mwenye laini ya kawaida. Kisha linganisha maneno ya ujumbe na uthibitisho ulio nao wewe mwenyewe katika simu yako, wa siku uliyotuma pesa kwa mtandao huohuo. Mpangilio wa maneno, mahali pa tarehe na urefu wa nambari ya muamala vinapaswa kufanana.

Kwa wenzetu wa Busia na Malaba wanaotumia pia laini za Kenya, M-Pesa ina kipimo kimoja cha ziada. Nambari ya muamala ya M-Pesa ina herufi na tarakimu kumi, na tatu za mwanzo hufuata tarehe. Miamala miwili ya siku moja huanza kwa alama tatu zilezile. Basi ukiwa na ujumbe wowote wa M-Pesa wa siku hiyo, wako au wa jirani yako, linganisha alama tatu za mwanzo. Zikitofautiana, picha uliyotumiwa ni ya siku nyingine, au imebuniwa. Zikifanana, usishangilie bado, kwani anayejua kanuni hii aweza kuifuata anapoghushi.

Mahali ambapo picha haiwezi kukusaidia

Tumeeleza dalili hizo kwa kirefu kwa sababu zinasaidia kumtambua mwongo mapema. Lakini ni lazima tuseme wazi mpaka wake. Dalili ikionekana, unajua kwamba pana jambo. Dalili isipoonekana, hujui lolote. Mghushi hodari hukumbuka ada, hutunza saa, na huweza kulipata jina lako la usajili kwa kukutumia kwanza shilingi chache au kwa kuanza kutuma na kusitisha kabla ya kuingiza nambari ya siri. Na katika njia ya tatu, picha ni ya kweli na muamala ni wa kweli. Kilicho cha uongo ni dai kwamba fedha zilikuja kwako.

Swali linaloamua ni moja, nalo haliulizwi kwenye simu ya mnunuzi. Je, salio langu limeongezeka?

Hapa wengi huchanganya vitu viwili, yaani ujumbe na salio. Ujumbe ni barua inayokuarifu, na barua yaweza kuchelewa mtandao ukilemewa, simu ikizimika au kumbukumbu ya ujumbe ikijaa. Tena barua yaweza kughushiwa, kwani wapo wanaokutumia wewe moja kwa moja ujumbe wa kupokea pesa usiotoka kwa kampuni. Salio ni daftari lenyewe, nalo hutunzwa kwenye mitambo ya kampuni, si ndani ya simu yako. Muamala unapokamilika, daftari hubadilika hapohapo, barua iwe imefika au haijafika. Ndiyo maana mnunuzi anaposema, "Mtandao ni mzito, ujumbe wako utakuja baadaye," jibu lake ni rahisi: acha ujumbe uchelewe, mimi nasoma daftari.

Utaratibu wake ni huu. Kabla ya kumpa mnunuzi nambari ya kulipia, angalia salio lako na uliandike kwenye karatasi. Kwa MTN Uganda piga *165#, kwa Airtel Uganda piga *185#, kwa M-Pesa ya Kenya piga *334#, kisha fuata orodha hadi kwenye salio. Mnunuzi akisema amelipa, angalia tena. Katika mfano wetu, ikiwa Mama Vitunguu alikuwa na 46,200, sasa anapaswa kuona 426,200. Akiona 426,200, mzigo unapakiwa, hata kama hakutumiwa picha yoyote. Akiona 50,000, anajua kwamba zilizoingia ni 3,800, na picha imeongezewa sifuri mbili. Akiona 46,200 ileile, hakuna kilichoingia.

Salio likiwa halijabadilika, kuna uwezekano pia kwamba mnunuzi ni mkweli aliyekosea tarakimu moja ya nambari, fedha zikaenda kwa mtu asiyemjua. Jambo hilo ni la kusikitisha, lakini haliwezi kutengenezwa na muuzaji. Anayeweza kulifuatilia ni aliyetuma, kwa kuipigia kampuni yake kutoka laini yake mwenyewe. MTN na Airtel hapa Uganda wote hupokea wateja kwa nambari 100. Kama mtandao umekatika kabisa na salio halisomeki, mzigo hukaa hadi litakaposomeka. Mnunuzi aliyelipa kweli hapotezi fedha zake kwa kusubiri, ilhali muuzaji aliyeachilia mzigo bila malipo huenda asiuone tena.

Haraka, dereva na "pesa iliyozidi"

Kinachomshinda muuzaji mara nyingi ni haraka. Dereva yupo mlangoni, injini inanguruma, mnunuzi anapiga simu mara tatu kwa dakika tano. Kumbukeni kwamba dereva wa taksi au kijana wa boda boda aliyetumwa kuchukua mzigo huenda hajui lolote. Amekodiwa kwa simu kama mtu mwingine yeyote. Mwombeni asubiri, na andikeni nambari ya gari, jina lake, nambari yake ya simu na mahali alipoambiwa ashushe. Mzigo ukishaipita Tirinyi kuelekea Iganga na Jinja, maandishi hayo ndiyo yatakayotusaidia kuufuata.

Upo pia mtindo wa "pesa iliyozidi". Mnunuzi wa mzigo wa 350,000 anatuma picha ya 530,000, anajifanya amekosea, anaomba radhi na kusihi umrudishie 180,000 upesi kwa sababu ni ada ya shule ya mtoto. Aliyedanganywa hapa hupoteza mzigo pamoja na fedha taslimu. Kipimo ni kilekile: kama salio halikuongezeka kwa 530,000, hakuna cha kurudisha.

Vilevile, usimpe mnunuzi wala dereva simu yako "akusaidie kuangalia", na usimtajie yeyote nambari yako ya siri. Akikupigia mtu anayejiita mhudumu wa kampuni, akidai malipo yamekwama na kwamba ubonyeze tarakimu fulani ili yaachiliwe, kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji nambari ya siri.

Ukishapata hasara, au ukimshuku mtu

Usifute mazungumzo ya WhatsApp, hata kwa hasira. Picha ilivyo ndani ya mazungumzo, pamoja na nambari iliyoituma na saa ilipoingia, ni ushahidi. Ikinakiliwa peke yake kwenye simu nyingine hupungua thamani. Omba kampuni yako ikupatie taarifa ya miamala ya laini yako kwa siku hiyo, ili ionekane kwamba fedha zinazodaiwa hazikuingia. Kisha fika katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe, iwe Kituo Kikuu cha Jinja, Kituo Kikuu cha Mbale au kituo cha mpakani, ukiwa na simu yenyewe, taarifa ya miamala na maelezo ya gari. Hakikisha lalamiko limeandikwa katika daftari la kituo, nawe uondoke na nambari yake ya kumbukumbu. Fika mapema, kwa kuwa mzigo ulio njiani hupatikana kwa urahisi kuliko uliokwisha kugawanywa sokoni.

Kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu ni kosa chini ya Sheria ya Kanuni ya Adhabu, na udanganyifu unaotendwa kwa vyombo vya kielektroniki unaguswa pia na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Anayetuma picha ya uongo ili achukue vitunguu ametenda kosa la jinai, wala haitoshi kuliita deni la kibiashara la kumalizwa kwa mazungumzo ya simu.

Na kwa umma wa sokoni, tunasihi jambo moja. Ikiwa mnunuzi amesimama mbele yenu na malipo yake hayajaonekana, msimpigie kelele za mwizi. Tumekwisha kuona kwamba fedha zaweza kwenda kwa nambari iliyokosewa, na kwamba ujumbe waweza kuchelewa. Mtu asiye na hatia anaweza kuumizwa au kuuawa na kundi la watu kwa kosa la mtambo. Zuieni bidhaa, mwacheni mtu apigie kampuni yake, na mkiona dalili za kughushi, iteni polisi. Mwenye mamlaka ya kumshika na kumchunguza atakuja.

Kesho sokoni, kabla ya kumtajia mnunuzi wa mbali nambari ya kulipia, andika salio lako kwenye kipande cha karatasi na ukiweke chini ya mzani. Akituma picha, ipokee kwa adabu, kisha uisome karatasi yako kwanza.